Nataka mtoto, na dawa yangu ya kifafa ni valproeti: nibadilishe lini?

*"Daktari, nina miaka 26, naishi Dodoma, nimeolewa mwaka jana. Nina kifafa tangu nikiwa na miaka 15. Natumia valproeti ya sodiamu miligramu 500 asubuhi na 500 usiku, na sijaanguka kwa miaka miwili na nusu. Kabla sijaanza dawa, asubuhi nikiamka mikono ilikuwa inashtuka, naangusha hata kikombe. Sasa tunataka mtoto. Kwa sasa natumia sindano ya miezi mitatu. Muuza dawa ameniambia dawa hii inaharibu mtoto. Mama mkwe anasema nikipata mimba niiache mpaka miezi mitatu ipite. Dada yangu mwenye presha alikuwa anatumia losatani, akabadilishiwa baada ya kupima mimba, na mtoto wake ni mzima. Je, nisubiri nipate mimba ndipo nibadilishiwe, au niache dawa sasa hivi?"*

Dada yangu, usiku wa leo meza kidonge chako kama kawaida, na kesho asubuhi pia. Tarehe ya sindano ikifika, nenda ukachome. Usiache dawa, wala usiache uzazi wa mpango, mpaka umekaa na daktari mkapanga. Valproeti haipunguzi nguvu ya sindano hiyo, kwa hiyo umejikinga vizuri, na kinga hiyo ndiyo inayokupa nafasi ya kubadilisha dawa bila haraka. Muuza dawa hakukudanganya. Ila amekupa nusu ya habari, na nusu hiyo ikisimama peke yake huwafanya kina dada wengi watupe vidonge siku hiyohiyo.

Nianze na dada yako, maana mfano wake ndio unaokushawishi usubiri. Losatani na dawa za jamii yake, pamoja na zile ambazo majina yake huishia na "prili" kama enalaprili, humwumiza mtoto hasa kupitia figo zake. Figo za mtoto huanza kufanya kazi ya maana mimba ikiwa imeshakwenda, na mkojo wake ndio unaojaza sehemu kubwa ya maji ya chupa ya uzazi. Mama akiendelea na losatani katika miezi ya kati na ya mwisho, figo za mtoto huzorota, maji hupungua, mapafu hayakui vizuri, na mtoto anaweza kufariki. Dada yako alipima mapema, akahamishiwa pengine kwenye methildopa au nifedipini kabla ya saa hiyo kufika. Hata kwake ingekuwa bora kubadilishiwa kabla ya kushika mimba, maana si kila mwanamke hugundua mapema. Lakini saa ya losatani ilimvumilia. Saa ya valproeti haivumilii.

Chukua kalenda tuhesabu pamoja. Tuseme umepata hedhi tarehe 1 Machi na mzunguko wako ni wa siku 28. Mimba itatunga karibu na tarehe 14 au 15 Machi. Hedhi nyingine unaitarajia tarehe 29. Haiji. Unasema labda ni uchovu, labda ni ile sindano uliyoacha imevuruga siku. Unasubiri wiki, unasubiri nyingine, na tarehe 12 Aprili unanunua kipimo: mistari miwili. Wakati huo huo mtoto, ambaye ukubwa wake ni kama punje ya mchele, ana utepe mgongoni uliokuwa ukijikunja na kuwa bomba. Bomba hilo ndilo ubongo na uti wa mgongo wake. Hufunga kwa ukamilifu takribani siku ya 28 tangu mimba itunge, maana yake tarehe 11 au 12 Aprili. Siku unayoona mistari miwili ndiyo siku bomba linafunga, au limeshindwa kufunga. Ukipanga kuanza kliniki mwishoni mwa Mei, kama wafanyavyo wengi wanaosubiri miezi mitatu, utakuta moyo umekwisha kugawanyika vyumba, na midomo imekwisha kuungana au imekwisha kukosa kuungana. Hakuna daktari anayeweza kurudisha kalenda hiyo nyuma.

Hapo ndipo ushauri wa mama mkwe unapokwama, ingawa nia yake ni njema. Anajua kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari, na hilo ni kweli. Ila mtu hawezi kuacha dawa siku asiyoijua, na ukishajua una mimba, sehemu kubwa ya hatari anayoiogopa imekwisha kupita. Unachobaki nacho ni mwili usio na dawa ya kifafa.

Sasa ukubwa wa hatari yenyewe, kwa sababu neno "inaharibu" linatisha bila kupima. Katika watoto 100 wa akina mama wasiotumia dawa yoyote ya kifafa, wawili au watatu huzaliwa na kasoro kubwa ya kimaumbile. Mama akitumia valproeti, idadi hiyo hufika kama 10 kwa 100. Dozi ina neno kubwa hapa. Wanaotumia chini ya miligramu 650 kwa siku wako kwenye kama 6 kwa 100, wanaozidi 1,450 hufika kama 25, na wewe mwenye 1,000 uko katikati, karibu na 11. Kasoro zenyewe ni mgongo wazi, matundu ya moyo, mdomo sungura, na kwa wavulana tundu la mkojo kukaa mahali pasipo pake.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani siku ya kuzaliwa, na mimi hulihofia zaidi. Kati ya watoto 100 waliokaa tumboni na valproeti, 30 mpaka 40 hupata shida za ukuaji wa akili: kuchelewa kutembea, kuchelewa kusema, kumbukumbu nzito, shida ya kusoma, na wengine usonji. Hii haihusiani na wiki nne za mwanzo peke yake. Ubongo hujengwa mimba nzima, kwa hiyo hata mpango wa kuacha miezi mitatu kisha kuirudia valproeti usingemkinga mtoto na hilo.

Kwa nini dawa hii na si nyingine? Valproeti huvuruga matumizi ya foleti mwilini, na foleti ndiyo inayohitajika sana seli zinapogawanyika kwa kasi. Pia hugusa kufuli za maagizo ya kijeni. Kila seli ya mtoto ina kitabu kizima cha maagizo, lakini kwa wakati wake hufungua ukurasa mmoja tu, na dawa hii huzuia kimeng'enya kinachosaidia kurasa nyingine zikae zimefungwa. Kwa mtu mzima athari hiyo haijengi wala haibomoi kiungo. Kwa mtoto anayetengeneza uti wa mgongo ndani ya siku chache, ukurasa uliofunguka kwa wakati usio wake unaweza kubadilisha umbo lote. Kwa sababu hiyo pia vidonge vya asidi ya foliki, ambavyo nitavizungumzia, havifuti madhara ya valproeti. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba dawa hii isianzishwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba, na walio nayo tayari washauriwe juu ya uzazi wa mpango na kuhamishwa kwa mpangilio.

Baada ya kusoma hayo, mkono wako unaweza kutaka kutupa boksi. Usitupe. Valproeti ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko kilivyokuwa, na wakati mwingine mtu hushikwa mfululizo bila kupata fahamu katikati. Hiyo ni dharura inayoua. Mama mjamzito anapoanguka na kukakamaa, anakaa bila kupumua vizuri kwa dakika nzima au zaidi, oksijeni inayomfikia mtoto inashuka, na mapigo ya moyo wa mtoto hupungua. Tumbo linaweza kupigwa chini. Na mama mwenyewe yuko hatarini kuungua jikoni, kuzama, au kukutwa amefariki kitandani asubuhi. Nimemhudumia mama aliyeacha dawa mwezi wa pili kwa kusikiliza ushauri kama uliopewa wewe. Alishikwa akiwa anasonga ugali, akaangukia mafiga. Mtoto alizaliwa salama. Mkono wa mama haukufunguka tena. Mjamzito asiyetumia dawa hajamwepusha mtoto na hatari. Amembadilishia hatari moja kwa nyingine.

Kuna sentensi uliyoiandika kama ya kupita tu, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote: asubuhi mikono kushtuka na kikombe kuanguka. Kifafa kilichoanza ujanani, chenye mishtuko ya mikono mara baada ya kuamka, kina uwezekano mkubwa wa kuwa aina fulani ya kifafa inayogusa ubongo wote kwa pamoja. Aina hiyo ina tabia tatu unazopaswa kuzijua. Huitikia valproeti vizuri sana, na pengine ndiyo sababu hujaanguka miaka miwili na nusu. Huwa haiondoki kabisa, kwa hiyo asilimia kubwa ya wanaoacha dawa hushikwa tena hata kama walitulia kwa miaka. Na tatu, baadhi ya dawa za kifafa huizidisha badala ya kuituliza, hasa kabamazepini na fenitoini.

Tabia hiyo ya tatu nakuomba uishike, kwa sababu ndipo mabadiliko mengi yanapoharibika. Ukienda kituo chochote ukasema tu "nataka mtoto, nibadilishieni valproeti," upo uwezekano mtoa huduma akafungua kabati, akakuta kabamazepini, akakupa hiyo. Hajakosea kwa kila mgonjwa. Kwa mtu ambaye kifafa chake huanzia sehemu moja ya ubongo, kabamazepini ni dawa nzuri, na hatari yake kwa mtoto ni kama 5 kwa 100, nusu ya ile ya valproeti. Kwako wewe inaweza kurudisha mishtuko ya asubuhi ndani ya wiki chache, kisha kuanguka. Itaje ile habari ya kikombe hata usipoulizwa.

Je, unahamia wapi? Dawa mbili zina rekodi nzuri kuliko zote katika ujauzito, levetirasetamu na lamotrijini. Zote mbili ziko kwenye watoto kama 3 kwa 100, yaani hazizidi sana wale ambao mama zao hawatumii dawa yoyote, na watoto waliofuatiliwa hawakuonyesha ule upungufu wa akili unaoonekana na valproeti. Kwa kifafa chenye mishtuko ya asubuhi, levetirasetamu ndiyo ningeiwaza kwanza. Lamotrijini nayo husaidia wengi, ila kwa baadhi ya watu huongeza mishtuko yenyewe. Fenobabito inapatikana karibu kila mahali na ni ya bei nafuu, lakini kasoro zake ni kama 6 kwa 100 na kuna wasiwasi juu ya akili ya mtoto pia. Ni afadhali kuliko valproeti, si afadhali kuliko hizo mbili.

Nitasema pia kuhusu fedha, maana ushauri usiofika dukani haumsaidii mtu. Hospitali nyingi za wilaya zina fenobabito, kabamazepini na fenitoini. Levetirasetamu na lamotrijini utazipata kwa uhakika zaidi kwenye hospitali kubwa za rufaa na maduka ya dawa ya mjini, na bei yake ni ya juu. Kabla hujaanza, ulizeni bei ya mwezi mzima kwa dozi kamili, si ya kuanzia, na mwulize kama bima yako inailipia. Dawa nzuri inayokatika mwezi wa tatu kwa kukosa hela ni hatari kuliko dawa ya wastani inayopatikana kila siku. Ukiona hamtaimudu, mwambie daktari mapema, apange kwa kile kinachopatikana.

Ili uone sura ya mabadiliko yenyewe, huu ni mfano wa jinsi ningempangia mtu mwenye habari kama yako. Daktari wako atarekebisha kwa uzito wako, figo zako na vipimo, kwa hiyo usiutekeleze mwenyewe nyumbani. Wiki mbili za kwanza hatugusi valproeti hata kidogo. Tunaongeza levetirasetamu miligramu 250 asubuhi na 250 usiku. Kisha inapanda mpaka 500 mara mbili, na hapo tunatulia wiki mbili nyingine tuone unalala vipi na hasira zikoje. Hasira nimezitaja makusudi. Baadhi ya watu dawa hii huwafanya wakali au wenye huzuni nzito, na mara nyingi mume ndiye anayeona kwanza. Ikitokea hivyo, rudini mseme, maana ni dawa, si tabia yako.

Dawa mpya ikishasimama, ndipo ya zamani inashuka: kutoka 1,000 hadi 800, kisha 600, 400, 200, halafu sifuri, kila hatua wiki mbili au zaidi. Utahitaji kuandikiwa vidonge vya miligramu 200, kwa sababu vile vyako vya 500 vyenye ganda havikatwi katikati. Hesabu yote inakuja kama miezi mitatu mpaka minne. Kama mtachagua lamotrijini, itachukua muda mrefu zaidi. Valproeti huzuia ini kuiondoa lamotrijini mwilini, hivyo inaanza kwa miligramu 25 siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki mbili, ndipo 25 kila siku. Anayeharakisha anaweza kupata upele mbaya unaochubua ngozi, macho na mdomo. Upele wowote katika wiki za mwanzo za lamotrijini ni wa kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Kipindi cha kushusha valproeti ndicho ambacho ungeweza kuanguka, na nakuambia wazi ili usishangae wala usidhani umerogwa. Dalili ya kwanza kwako itakuwa ileile ya zamani: asubuhi, kabla ya chai, vidole vinaruka, mswaki unatoka mkononi. Iandike kwenye kalenda, mpigie daktari, usishushe hatua inayofuata mpaka mmezungumza. Mara nyingi kuongeza levetirasetamu kunatosha. Kifafa cha aina yako huchochewa sana na kukosa usingizi, kwa hiyo miezi hiyo si ya kukesha msibani au kwenye kitchen pati mpaka alfajiri. Watu wataelewa, na wasipoelewa, mume aseme kwa niaba yako. Usiendeshe bodaboda wala gari, usichote maji kisimani peke yako, na mlango wa bafu usifungwe kwa komeo. Wote wa nyumbani, mama mkwe akiwemo, wajue kwamba ukishikwa wakulaze ubavu, waondoe vitu vigumu, wasikutie kijiko mdomoni, na waangalie saa. Dakika tano zikipita hujatulia, au ukishikwa tena kabla hujazinduka, ni gari la hospitali mara moja.

Valproeti ikishatoka, usikimbilie kuacha sindano wiki hiyohiyo. Wanawake waliokaa miezi tisa au zaidi bila kushikwa kabla ya mimba huwa na uwezekano mkubwa sana wa kuimaliza mimba yote bila kushikwa. Zaidi ya 80 kwa 100. Ningependa ukae muda huo na dawa mpya peke yake, ili tujue inakubeba. Sindano ya miezi mitatu ina tabia yake pia. Ukiiacha, uzazi huweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, wengine karibu mwaka. Ucheleweshaji huo usiuhesabu kama kinga, kwa sababu mwingine hushika mwezi wa nne. Kama mnataka njia inayoondoka mara moja mkiwa tayari, zungumzeni juu ya kitanzi cha shaba, ambacho hakigongani na dawa yoyote ya kifafa. Na ukiishia kwenye kabamazepini, fenitoini au fenobabito, fahamu kwamba dawa hizo huvunja nguvu ya vidonge vya majira na vijiti, na wapo waliopata mimba ambayo hawakuipanga wakiwa na kijiti mkononi.

Asidi ya foliki uianze kabla ya kuacha uzazi wa mpango, angalau mwezi mmoja na bora miezi mitatu. Kwa wanawake wanaotumia dawa za kifafa, madaktari wengi huandika miligramu 5 kila siku. Vile vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina chuma pamoja na foliki kidogo tu, na hutolewa baada ya mimba, wakati lile bomba limekwisha kufunga. Kwa hiyo kuwa na vidonge vya kliniki nyumbani si sawa na kuwa umeanza foliki.

Kuna swali hukuliuliza ila huwa linafuata nyumbani: "Mwenye kifafa akibeba mimba si atapata kifafa cha mimba?" Lugha yetu imetutega hapa. Kifafa cha mimba si kifafa chako kilichoingia kwenye mimba. Ni ugonjwa mwingine, unaotoka kwenye kondo la nyuma na mishipa ya damu, huja baada ya wiki ya 20, na huambatana na presha ya 140/90 au zaidi, mara nyingi na protini kwenye mkojo, kichwa kuuma sana, kuona vimulimuli na maumivu chini ya chembe ya moyo. Dawa yake ni magineziamu salfeti, ambayo haitibu kifafa cha kawaida. Unaweza kuwa na kifafa na usipate kifafa cha mimba kamwe. Lakini ukishikwa baada ya miezi mitano ya mimba, hata kama kila mtu anasema "ni kile cha siku zote," presha ipimwe kwanza. Kudhani ni kile cha zamani ndiko kunakochelewesha matibabu.

Kama mimba itaingia kabla mpango haujakamilika, na huwa inatokea, meza dawa yako na uende hospitali ndani ya wiki hiyo. Daktari anaweza kuipunguza dozi, kuigawa mara nyingi zaidi kwa siku ili isipande ghafla kwenye damu, au kuongeza dawa nyingine. Utafanyiwa ultrasaundi ya viungo kati ya wiki ya 18 na 22, na utazaa hospitali. Usisahau pia upande wa pili wa takwimu nilizokupa: watoto wapatao 90 kati ya 100 waliokaa na valproeti huzaliwa bila kasoro kubwa ya maumbile. Mimba hiyo haijahukumiwa.

Na wapo wanawake wachache ambao tulijaribu levetirasetamu, tukajaribu lamotrijini, wakaendelea kuanguka kila mwezi. Kwao huwa tunakaa chini, mke na mume, tunaangalia pande zote mbili, na wengine huchagua kurudi valproeti kwa dozi ndogo iwezekanayo, wakijua wanachobeba. Sijawahi kumlaumu aliyechagua hivyo. Ninachokataa ni mtu kubaki kwenye 1,000 kwa sababu tu hakuna aliyemwambia.

Mimba ikishaingia ukiwa kwenye dawa mpya, kazi haijaisha. Mwili wa mjamzito huondoa levetirasetamu na lamotrijini kwa kasi kubwa, kiasi kwamba dozi iliyokutosha Januari inaweza isitoshe Mei. Kuongezewa vidonge hakumaanishi ugonjwa umekuwa mkali. Baada ya kujifungua mwili hurudi wenyewe ndani ya siku chache mpaka wiki kadhaa, na dozi lazima ishushwe, la sivyo utaona kizunguzungu na vitu viwiliviwili. Mtoto achomwe vitamini K akizaliwa, kama watoto wote. Kunyonyesha unaruhusiwa na dawa hizi. Usiku mpangiane zamu ya kumbembeleza, maana kukesha ndiko kutakakokurudisha nyuma kuliko maziwa yoyote, na mwogeshe mtoto kukiwa na mtu mwingine chumbani.

Sasa nenda ukapange miadi. Dodoma mna hospitali kubwa zenye madaktari bingwa. Anza kwa daktari wako wa sasa akupe rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, au daktari bingwa wa magonjwa ya ndani kama huyo hayupo. Nenda na mumeo. Beba maboksi ya dawa zote, hata ya kichwa, na kadi ya uzazi wa mpango yenye tarehe ya sindano. Kama kuna mtu aliwahi kukurekodi kwa simu ukishikwa, peleka hiyo video. Ukikaa kwenye kiti, kabla hujaulizwa chochote, sema hivi: "Natumia valproeti 1,000 kwa siku. Nataka kupata mtoto, sina mimba, niko kwenye sindano. Na kabla ya dawa, asubuhi mikono yangu ilikuwa inashtuka."